Riba ya kwenye tangazo sio riba inayokufikia

Kazi yangu ni kupitia vigezo na masharti ya akaunti za akiba, na swali ninaloulizwa kila wiki ni lilelile, wapi wanatoa riba kubwa, benki, ushirika au akiba ya kwenye simu? Mimi huwa naanza kwingine kabisa: utaweka lini, utatoa lini, na utatoa mara ngapi. Bila hayo matatu ile asilimia haikuambii kitu.

Tuchukue mtu mmoja anaweka 10,000 kila mwezi tarehe 5, mwaka mzima, halafu anatoa zote 120,000 mwisho. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano tu, wewe weka vya kwako. Benki inasema asilimia 5 kwa mwaka. Watu wengi wanapiga 120,000 mara asilimia 5 wanapata 6,000, na hapo ndo wanapotea, maana ile hela ya mwezi wa kwanza imekaa karibu mwaka mzima lakini ya mwezi wa mwisho imekaa wiki chache tu. Ukichukua wastani wa salio la mwaka mzima unapata kama 64,000 hivi, sio 120,000.

Sasa kuna kitu kinaandikwa kwa herufi ndogo sana: riba inapigwa kwenye salio lipi? Akaunti nyingine zinatumia salio la kila siku, nyingine salio la chini kabisa la mwezi. Kwenye hii ya pili, hela uliyoingiza tarehe 5 mwezi huo haihesabiwi, inaanza kuhesabiwa mwezi unaofuata, kwa hiyo wastani wako unashuka hadi 55,000 na riba ya mwaka inakuwa 2,750. Toa kodi ya zuio, tuseme asilimia 10, toa na makato ya akaunti 100 kwa mwezi yaani 1,200, unabaki na 1,275. Asilimia 5 imekuwa kama 2. Na ukitoa 30,000 katikati ya mwezi ukarudisha baada ya siku tatu, mwezi wote unahesabiwa kwa lile salio la chini, zile siku tatu zinakula riba ya siku thelathini.

Akiba ya kwenye simu tuseme ni asilimia 6, salio la kila siku, haina makato ya mwezi. Riba inakuja kama 3,820, ukitoa kodi inabaki kama 3,440. Inapendeza, ila angalia upande wa kutoa. Kama kikomo cha kutoa kwa siku ni 50,000, hizo 120,000 utazitoa mara tatu, na kila mara ikiwa 400 umelipa 1,200, unabaki na kama 2,240. Anayetoa vihela vidogo vidogo kila wiki anaweza kumaliza riba yote kwenye chaji. Kama umechagua kufunga hela hadi tarehe fulani, soma pia kinachotokea ukifungua mapema, mara nyingi riba yote inapotea.

Ushirika wa akiba na mikopo ndo unachanganya watu zaidi kwa sababu una mifuko miwili. Kuna hisa zinazopata gawio, na kuna akiba zinazopata riba. Ukisikia "mwaka jana tulitoa asilimia 15" uliza ya nini, kama ni gawio na hisa zako ni 5,000, hiyo ni 750 basi. Tuseme akiba inapata asilimia 9, inahesabiwa kuanzia mwezi unaofuata: 55,000 mara asilimia 9 ni 4,950, baada ya kodi 4,455, toa kiingilio cha 1,000 cha mwaka wa kwanza, 3,455. Umeshinda wote, kwenye karatasi. Lakini hiyo asilimia 9 kwa kawaida inapitishwa na mkutano mkuu baada ya mwaka kuisha, kwa hiyo ya mwaka jana sio ahadi. Na ile akiba mara nyingi huwezi kuitoa ukiwa bado mwanachama, inabidi ujitoe, uandike notisi, usubiri, na kama umemdhamini mwenzako mkopo akiba yako imeshikiliwa hadi amalize kulipa au apate mdhamini mwingine. Hisa zenyewe kwa kawaida unamuuzia mwanachama mwingine, harudishiwi mtu hela.

Kwa hiyo hela ya dharura mimi siiweki ushirika hata riba iwe nzuri vipi. Hela ninayotaka kuikopea miaka ijayo, huko ndo kwake.

Kama huwapati wakakujibu wanatumia salio lipi, jaribu mwenyewe. Fungua akaunti ile ya asilimia 5 ikiwa na sifuri, weka 10,000 tarehe 5 ya mwezi wa siku 30, usiiguse, mwezi ukiisha omba stetimenti. Ukiona riba kama 35 kabla ya kodi wanahesabu kila siku. Ukiona sifuri, na riba yao inalipwa kila mwezi, huenda wanaangalia salio la chini la mwezi, na hapo hamishia siku yako ya kuweka iwe mwisho wa mwezi uliotangulia.