Paili: za kugonga, za kuchimba, na habari ya mwamba

Kwanini majengo mengine paili, zile nguzo ndefu za msingi zinazoshushwa ardhini, zinagongwa na mengine zinachimbiwa, na je ni lazima zifike kwenye mwamba?

Mwamba sio lazima. Mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba paili ni kama mguu wa meza, isipokanyaga kitu kigumu haina kazi, na nimekuta watu wengi sana wanaamini hivyohivyo. Kumbe paili inabeba kwa njia mbili, kitako chake na ubavu wake. Jaribu hii nyumbani, jaza mchele kwenye chupa ya plastiki yenye shingo nyembamba, gongagonga ushindiliwe, chomeka kijiti mara kadhaa mpaka kikaze halafu kinyanyue taratibu, chupa nzima inakuja nacho. Hapo hakuna mwamba, ni msuguano tu.

Na hapo ndo tofauti inapoanzia. Paili ya kugonga inasukuma udongo pembeni, kwahiyo kwenye mchanga mlegevu chembe zinabanana na paili inakabwa zaidi, na fundi anahesabu nyundo, ikiwa kila pigo inashuka kidogo kuliko pigo lililopita basi udongo unakaza. Ya kuchimba inatoa udongo nje, ukuta wa shimo unalegea, kwenye mchanga wenye maji unabomoka kabisa usipoweka bomba la chuma au tope la bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaoshikilia ukuta wa shimo. Ila mjini kwenye nyumba zilizobanana ndo huwa inachaguliwa, maana nyundo inatikisa mpaka kuta za jirani zinapasuka.

Paili zenyewe zinahitajika pale udongo wa juu hauaminiki: tope, mchanga mlegevu, kifusi, au ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Sasa msuguano nao una mpaka wake. Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, ilikamilika 2009 ikiwa juu ya paili za kugonga zilizoishia kwenye mchanga mgumu, lakini chini ya mchanga kuna mfinyanzi, ukakamuliwa maji polepole na jengo likazama zaidi ya sentimita 40 na kuinama. Chanzo kilibishaniwa sana, ila marekebisho yalikuwa paili 18 mpya mpaka kwenye mwamba, kina cha mita 75 hivi.

Ya kuchimba ina ugonjwa wake pia na unafichwa ardhini, kwahiyo hesabu zege. Shimo la kipenyo cha sentimita 60 na kina cha mita 20 linataka kyubiki 5.65, na kawaida linakula zaidi kidogo kwasababu kuta hazinyooki. Likijaa kwa kyubiki 5 usifurahi kwamba umeokoa simenti, ujue ukuta umeporomokea ndani na mahali fulani huko chini paili yako imekuwa na kiuno chembamba.