Kabari chini ya mzigo mzito: inahitaji nguvu kiasi gani, na ukiiachia itachomoka?

Kabari ni kipande chenye mteremko, unakisukuma kwa ulalo na mzigo unapanda kwenda juu. Hilo kila mtu analijua, ila swali linalosumbua watu ni mawili: nisukume kwa nguvu gani ndo mzigo uinuke, alafu nikiachia mkono kabari itabaki pale au itarudi nje.

Tuchukue bloku ya chuma ya kilo 400, uzito wake nyutoni 4,000 hivi. Chini pamechongwa mteremko uleule wa kabari, na pembeni kuna kizuizi chenye rola ili bloku isikimbie mbele, maana bila kizuizi unaweza kuta unasukuma bloku tu badala ya kuiinua. Kabari ina pembe α ya digrii 8, yaani ukiiingiza milimita 100 bloku inapanda kama milimita 14. Namba ya msuguano (μ) tuseme ni 0.3 juu na chini ya kabari.

Sasa njia rahisi ni kuigeuza hiyo 0.3 iwe pembe. Pembe ya msuguano φ ni ile ambayo tan yake ni 0.3, kwahiyo ni digrii 16.7. Ina maana gani? Nyuso mbili zinapotaka kuteleza, nguvu ya jumla kati yao haisimami wima juu ya uso, inalala digrii 16.7 kupinga mwendo. Juu ya kabari uso wenyewe tayari umelala digrii 8, kwahiyo nguvu ya pale inalala 8 + 16.7 = 24.7 kutoka wima. Chini sakafuni inalala 16.7 tu. Ukijumlisha sehemu za ulalo unapata nguvu ya kusukuma P, ambapo W ni uzito wa bloku:

P = W × [tan(α + φ) + tan φ]
P = 4000 × (0.46 + 0.30) = 3,040 N

Ona hiyo namba vizuri. Kama msuguano usingekuwepo kabisa ingetosha 4000 × tan 8°, yaani nyutoni 560 tu, kwahiyo sehemu kubwa ya jasho lako inaliwa na msuguano. Na kizuizi kikiwa ukuta wa kawaida usio na rola, wenye 0.3 hiyohiyo, bloku inaukwaruza ikipanda na P inafika kama 3,530. Ndo maana watu hupiga kabari kwa nyundo badala ya kusukuma, pigo moja linatoa nguvu kubwa kwa muda mfupi sana.

Tuje kwenye kujifunga, yaani kabari kubaki pale ukiachia mkono. Hapa wengi wanakosea, wanachukua kanuni ya kitu kilichokaa kwenye mteremko, kwamba pembe isizidi φ. Lakini kabari ina nyuso mbili zinazoishika, siyo moja. Ukiachia, kabari (uzito wake mwenyewe ni mdogo, tunauacha) inabaki na nguvu mbili tu, ya juu na ya chini, na ili itulie lazima hizo mbili ziwe kwenye mstari mmoja zikitazamana. Ya chini inaweza kulala mpaka φ, ya juu nayo inaweza kuegemea mpaka φ kutoka kwenye wima wa uso wake, kwahiyo mstari huo unapatikana mradi pembe ya kabari isizidi jumla ya zile pembe mbili za msuguano. Kwetu ni 16.7 + 16.7 = 33.4, kabari ni 8, imejifunga vizuri tu, na kuichomoa utahitaji kuivuta kwa nyutoni 1,810 hivi.

Sasa mtu anaona 3,040 ni nyingi, anapaka grisi juu na chini, μ inashuka tuseme 0.05, φ inakuwa digrii 2.9. Kuinua kunakuwa kwepesi kweli, nyutoni 970 tu, lakini jumla ya pembe mbili ni 5.7 na kabari ni 8, ukiachia inachomoka na bloku inashuka. Itabidi uishikilie kwa nyutoni 160 muda wote, na mkono wako ukiwa chini ya bloku hiyo ni hatari ya kweli.

Mimi ningepaka uso wa juu tu. P inakuwa 4000 × (0.19 + 0.30), kama 1,970, umepunguza zaidi ya theluthi, na jumla ya pembe ni 2.9 + 16.7 = 19.6 ambayo bado inaizidi 8 kwa mbali, kwahiyo inajifunga.

Ila hesabu hii ni ya mzigo uliotulia. Kukiwa na mashine inatetemesha sakafu, au grisi ikavuja mpaka uso wa chini, kabari inaweza kurudi nyuma kidogokidogo bila mtu kuona. Chora mstari wa chaki unaovuka kutoka kwenye kabari mpaka sakafuni, rudi baada ya muda uangalie, mstari ukiwa umekatika na nusu yake iliyo kwenye kabari imesogea nje, weka tegemeo chini ya bloku kabla ya kugusa kitu kingine.