Multiply haikunji tatuu

“Kaka, nikiweka tatuu juu ya picha kwenye Photoshop kwa Multiply halafu nikapunguza Opacity, si itakuwa imeshakaa kwenye ngozi?”

Hapana. Multiply inagusa rangi tu: vivuli vya ngozi vinapenya kwenye wino, lakini mistari inabaki imenyooka kama stika ya daladala. Juzi, studioni kwetu Mwanjelwa, nilimwonyesha mteja ua la tatuu ya muda kwenye picha ya mkono wake. Akacheka: shina lilipita juu ya msuli kama rula.

Nilianza upya na Warp, nikipinda kingo za mchoro zifuate mviringo wa mkono. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka. Kisha nikanakili picha ya ngozi, nikaiondoa rangi, nikaitia ukungu kwa Gaussian Blur mpaka vinyweleo vikapotea na umbo la msuli likabaki, nikahifadhi kama PSD. Mwisho nikarudi kwenye tatuu: Filter > Distort > Displace, kipimo 10 kila upande, nikachagua faili hilo.

Displace husoma mwanga wa faili hilo na kusogeza mchoro: kijivu cha katikati hakisogezi kitu, cheusi na cheupe husukuma pande tofauti. Kwa kipimo 10, msukumo hauzidi pikseli 13 hivi. Ukiruka ukungu ule, kila kinyweleo kitasukuma wino na kingo zitameguka.

Ila Displace haijui msuli. Kivuli cha kofia kikiangukia mkono, itakichukulia kama bonde. Kipake kijivu kwanza kwenye ile PSD.