CD99 ikiwaka, usikimbilie Ewing: kutenganisha seli ndogo za buluu kwa watoto

Sarkoma ya Ewing, saratani ambayo mara nyingi huanzia mfupani, na rabdomayosarkoma, saratani ya seli zinazoelekea kuwa misuli, ni magonjwa mawili ya watoto yaliyo tofauti kabisa, lakini kwenye slaidi ya kawaida yanaweza kufanana mno. Seli ni ndogo na duara, kiini kimechukua karibu nafasi yote, na saitoplazimu imebaki ukingo mwembamba tu. Hematoksilini hutia viini rangi ya buluu, na eosini haipati pa kushika, kwa hiyo uwanja mzima wa hadubini huonekana buluu. Wanaoingia kwenye kundi hilo si hao wawili tu: wamo pia nyuroblastoma, limfoma ya limfoblasti, limfoma ya Burkitt na uvimbe wa Wilms wenye seli changa pekee.

Kuwatenganisha ni lazima kwa sababu dawa hazifanani. Ewing hutibiwa kwa vinkristini, doksorubisini na saiklofosfamidi, zikipishana na ifosfamidi na etoposidi. Rabdomayosarkoma mara nyingi huanzishiwa vinkristini, aktinomisini D pamoja na saiklofosfamidi au ifosfamidi. Limfoma ya limfoblasti hufuata mpango wa lukemia, wenye steroidi na dawa za kuingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na huendelea kwa miaka, si miezi. Jina likikosewa, mtoto anatibiwa ugonjwa ambao hana.

Siku hizi kazi kubwa ya kutenganisha hufanywa na kingamwili: tunapaka kingamwili ya protini fulani juu ya mkato wa tishu, na protini ikiwepo, rangi ya kahawia hutokea. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa kuwa ripoti husomwa kama orodha ya "chanya" na "hasi". Mimi huuliza maswali mawili kabla ya kulikubali neno "chanya": rangi imekaa wapi ndani ya seli, na imeshika seli kiasi gani?

CD99 ndiyo mfano bora. Ni protini ya utando, na katika Ewing karibu seli zote huchorwa mstari mkali wa kahawia unaozunguka seli nzima, wavu uliokamilika. Rangi ya ukungu ndani ya saitoplazimu, au seli chache hapa na pale, haina uzito huo. Hiyo utaiona hata kwenye rabdomayosarkoma. Lakini hata wavu kamili hautoshi. Limfoma ya limfoblasti nayo huwaka CD99 kwenye utando vilevile, na inaweza kuanzia ndani ya mfupa wa mtoto, mahali pale pale tunapotarajia Ewing. Ukiongeza kingamwili ya FLI1, protini ya kiini, ili kujihakikishia, nayo huwaka katika magonjwa yote mawili. Ukiongeza CD45, ambayo wengi huitegemea kukamata limfoma, baadhi ya limfoma za limfoblasti huwa hasi. Hapo una picha inayosema Ewing kwa kila upande, na bado ni limfoma.

Kinachovunja mtego huo ni TdT, inayowaka kwenye viini vya limfoblasti. Kwa hiyo sikubali kusaini Ewing bila TdT hasi, na nikiweza naongeza PAX5 na CD3 ili kuangalia limfoblasti za upande wa B na wa T. Upande wa pili natafuta NKX2-2, protini ya kiini ambayo huwaka kwenye Ewing nyingi. Si ya Ewing peke yake, kwani kondrosarkoma ya mesenkaima nayo huweza kuwa nayo, lakini CD99 ya utando pamoja na NKX2-2 ya kiini, huku TdT ikiwa hasi, ni ushahidi wenye nguvu.

Kwa rabdomayosarkoma kanuni ni hiyo hiyo. Desmini huwaka kwenye saitoplazimu, na ni chombo kizuri cha kuchuja, ila haitofautishi kila kitu: uvimbe wa seli ndogo wa desmoplasia huwa na desmini, mara nyingi kama nukta moja kando ya kiini, na seli changa za uvimbe wa Wilms nazo huweza kuwa nayo. Uamuzi hufanywa na miojenini na MyoD1, protini zinazoamuru seli iwe misuli. Hizi hufanya kazi ndani ya kiini, kwa hiyo rangi yoyote nje ya kiini haihesabiki. MyoD1 ina tabia mbaya ya kutia saitoplazimu ukungu wa kahawia kwenye seli zisizohusiana kabisa na misuli. Ukungu huo uache.

Kuna mtego mwingine ambao hukamata hata wazoefu. Uvimbe wowote ukijipenyeza kwenye misuli ya kawaida huumiza nyuzi zake, na nyuzi zinazojikarabati huwasha miojenini. Limfoma iliyoingia kwenye misuli inaweza kukuonyesha viini vya kahawia vilivyotawanyika. Angalia umbo la viini hivyo: kama vimepangika mstari kwenye masalia ya nyuzi, na seli za uvimbe kati yake ni buluu tupu, hiyo si rabdomayosarkoma.

Tuchukue mfano mmoja hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka 12 ana uvimbe wa sentimita 6 ndani ya misuli ya kigasha, na mfupa hauna kasoro. Maabara inapokea vipande vinne vyembamba vya bayopsi ya sindano. Kimoja kikiwa kibichi kinagusishwa taratibu kwenye slaidi mbili au tatu kabla ya fomalini. Kigusishwe tu, kisiburuzwe, kwa sababu viini vya seli hizi hupasuka na kuwa nyuzi za buluu zisizosomeka. Kisha vyote vinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa bafa, ya ujazo usiopungua mara kumi ya tishu, ndani ya saa moja tangu vitolewe. Vipande vyembamba hivi navigawa kwenye bloku mbili za parafini, ili moja ikiisha kwa rangi, nyingine ibaki kwa vipimo vya jeni.

Kwenye mikrotomu, fundi anakata mkato wa kwanza kwa rangi ya kawaida na papo hapo anakata mingine kumi ya mikroni 4 na kuihifadhi bila rangi. Hili linaonekana dogo, lakini kila mara bloku inaporudishwa kwenye mashine lazima usawa wake uparwe upya, na kwa kipande chenye upana wa milimita moja, kuparwa mara tatu kunaweza kumaliza tishu yote.

Slaidi ya kwanza inaonyesha mashuka ya seli duara za buluu. Hakuna vyumba wala kuta za nyuzi zinazofanana na vifuko vya mapafu, picha ambayo vitabu hutufundisha kuitafuta kwenye rabdomayosarkoma ya alveola. Usivunjike moyo: aina hiyo ina sura yake ya kujaa, isiyo na vyumba, na bayopsi ya sindano ni ndogo mno kukuonyesha mpangilio wote.

Raundi ya kwanza naagiza CD99, desmini, TdT, sinaptofizini ambayo ni alama ya seli za neva, na keratini ambayo ni alama ya seli za epithelia. Majibu yanarudi hivi: CD99 ni ukungu wa saitoplazimu kwenye theluthi ya seli, TdT hasi, sinaptofizini chanya kwenye seli nyingi kiasi, keratini imeshika seli chache, desmini iko kwenye seli nyingi, kwingine kali, kwingine hafifu. Msomaji wa "chanya na hasi" ataona CD99 na sinaptofizini akaandika Ewing yenye sura ya neva, kisha desmini ataiita ajabu tu. Lakini CD99 hapa haimo kwenye utando, kwa hiyo haitetei Ewing. Na rabdomayosarkoma ya alveola inajulikana kuvaa sinaptofizini, CD56 ambayo nayo huonekana kwenye seli za neva, na keratini, alama ambazo si zake. Desmini ndiyo shahidi wa kufuatwa.

Raundi ya pili ni miojenini na MyoD1. Miojenini inawaka kwa nguvu kwenye viini vya zaidi ya seli 9 kati ya 10, pamoja na seli zilizo mbali na nyuzi za misuli ya mtoto. Kiasi hicho chenyewe ni habari. Katika aina ya embrioni, aina nyingine ya rabdomayosarkoma, miojenini huwa ya madoadoa, viini vingine ndiyo na vingine siyo. Kuenea kote namna hii huelekeza kwenye aina ya alveola, na hasa yenye muungano wa jeni, yaani jeni mbili zilizokatika zikashikana.

Muungano huo tunautafuta kwa FISH, kipimo cha kubandika alama zinazong'aa kwenye jeni. Alama ya kijani na alama nyekundu hubandikwa pande mbili za jeni FOXO1 kwenye kromosomu 13. Jeni ikiwa nzima, rangi mbili hukaa pamoja, ikikatika, huachana. Tunahesabu viini 100, na katika mfano huu viini 84 vinaonyesha jozi moja nzima na nyingine iliyoachana. Mkato wa mikroni 4 hupita katikati ya viini, hivyo alama moja kukosekana si ushahidi wa kukatika. Kinachohesabiwa ni zilizoachana waziwazi.

Jibu ni rabdomayosarkoma ya alveola yenye FOXO1 iliyokatika. Kipimo hiki hakisemi kama jeni mwenza ni PAX3 au PAX7; kwa hilo unahitaji PCR ya RNA au usomaji wa mfuatano. Hata hivyo, kukatika kwenyewe kunatosha kubadilisha kundi la hatari la mtoto, kwa sababu takriban uvimbe mmoja kati ya mitano yenye sura ya alveola hauna muungano huo, na uvimbe wa namna hiyo huenda kama aina ya embrioni.

Kwa Ewing hesabu ni ngumu zaidi. Jeni EWSR1 hukatika kwenye Ewing, lakini hukatika pia kwenye uvimbe wa seli ndogo wa desmoplasia, ambamo huungana na jeni WT1. Upande mwingine, muungano wa EWSR1::FLI1 hupatikana kwenye takriban asilimia 85 ya Ewing na wa EWSR1::ERG kwenye takriban asilimia 10, na huo wa ERG hutokana na mpangilio mgumu wa kromosomu ambao FISH wakati mwingine huupitia bila kuuona. Kama sura, CD99 na NKX2-2 zote zinasema Ewing, FISH hasi haiifuti. Tafuta muungano kwa RNA.

Uvimbe wa mfupa una tatizo lake. Tishu ngumu ikilainishwa kwa asidi kali, DNA na RNA huharibika, na FISH hurudi bila mwanga wowote. Chagua vipande laini visivyo na mfupa kwa ajili ya vipimo vya jeni kabla ya kulainisha chochote, na vilivyobaki vilainishwe kwa EDTA, kemikali isiyoharibu jeni kama asidi kali, hata kama itachukua siku kadhaa zaidi. Na viini vikikosa hata alama za kawaida, ripoti iandikwe "kipimo hakikusomeka". Ikiandikwa "hasi", mtaalamu wa saratani ataamini jeni ilipimwa ikakutwa nzima, na hatatuma sampuli nyingine.