Tangazo la kazi halifupishwi kwa kubana kila mstari

Bado watu wanaamini kwamba tangazo refu la kazi hufupishwa kwa kupunguza kila kifungu sawa kwa sawa. Majukumu 14 yanabaki 14, ila yamekatwa vichwa. Sifa zinakusanywa kwenye mstari mmoja. Tarehe ya mwisho inabaki pale pale, chini kabisa baada ya sanduku la posta. Hapo pamepungua wino tu. Anayelisoma kwenye simu, limeshapita makundi kadhaa ya wasapu, bado hajui kama kazi inamfaa wala lini mlango unafungwa.

Tuchukue mfano wa kubuni: hoteli inatafuta mtunza ghala mmoja, Chake Chake.

Majukumu kwanza. Mistari minne inasema apokee bidhaa, azikague, asaini hati ya mapokezi, aandike kwenye leja. Hiyo ni kazi moja: "Kupokea mzigo, kuulinganisha na oda na ankara, na kuuingiza kwenye leja siku hiyo hiyo." Kuhudhuria vikao na kutii maelekezo ya mkuu wake futa, maana kila mwajiriwa anafanya. Lakini mstari wa "kupokea samaki na mboga kuanzia saa 11 alfajiri" usiuguse, hata kama ni wa 13 katika orodha. Jukumu hubaki kwa sababu moja kati ya mbili: ama linakula sehemu kubwa ya siku, ama kuna mtu ataikataa kazi kwa ajili yake. Mfupishaji mwenye haraka hufuta hili la pili kwa kuwa linaonekana dogo, na mtu huacha kazi wiki ya pili.

Wapo wanaoogopa kwamba mwajiriwa atasema "hili halikuwemo kwenye tangazo". Hofu hiyo ina mantiki, na sidhani kama inaisha kabisa. Orodha kamili iwekwe kwenye maelezo ya kazi yanayoambatana na mkataba, na muombaji aliyeitwa kwenye usaili apewe aisome kabla hajasaini.

Sifa ndipo panapoharibika zaidi. Kila sifa ni chujio. Jiulize: muombaji akiikosa, bahasha yake itawekwa kando? Kama haitawekwa, hiyo si sifa ya lazima. "Mwaminifu, mchapakazi, mwenye kujituma" hakuna atakayejiona hanazo, wala hakuna cheti kinachozithibitisha. Futa. Uaminifu utauliza kwa wadhamini wake.

Hatari kubwa imo katika kuunganisha mistari. Angalia hili: "Awe na Stashahada ya Ununuzi na Ugavi au Uhasibu na uzoefu wa miaka 2." Huo uzoefu ni wa wote, au wa mwenye Uhasibu tu? Kabla ya kufupishwa ilikuwa mistari miwili na haikuwa na utata. Sasa mwenye Ununuzi asiye na uzoefu ataomba, na wachujaji wawili watampa majibu mawili tofauti. Elimu ikae mstari wake, uzoefu mstari wake: "Wote: uzoefu wa miaka 2 ghalani." Maneno yameongezeka, na ndivyo inavyotakiwa. Sifa ya ziada, kama leseni ya udereva, iandikwe peke yake ikiwa na neno "itapendelewa".

Tarehe nayo. "Ndani ya siku 14 tangu kutolewa tangazo hili" haifai, kwa sababu tangazo likishasambazwa hakuna ajuaye lilitolewa lini. "Mwisho wa saa za kazi" haifai pia, hasa Ijumaa watu wanapokwenda kusali. Na "saa 6 usiku, Ijumaa" ni mtego: kwetu wako wanaosema usiku wa Ijumaa wakikusudia ule wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo mmoja anachelewa siku nzima akiamini amewahi. Andika siku, tarehe, mwaka, saa na kipindi cha siku. Mfumo wa kompyuta ukiwa unafunga 15:00, tangazo liseme saa 9:00 alasiri. Eleza pia kwamba bahasha iwe imeshapokelewa ofisini, si kutumwa tu, na utaje ofisi ya kupokelea Pemba, mtu asipande boti bure.

Kichwa cha tangazo kinakuwa hivi:

```
*MTUNZA GHALA (nafasi 1), CHAKE CHAKE*
*Mwisho: Alhamisi, 13 Agosti 2026, saa 9:00 alasiri*
Maombi yawe yamefika ofisini kabla ya saa hiyo.
```

Nyota hizo wasapu huzigeuza kuwa maandishi mazito. Usikoleze kitu chengine chochote zaidi ya hiyo mistari miwili, maana ukikoleza na majukumu na sifa, tarehe inazama tena. Tarehe iandike mara moja tu, hapo juu. Ikiwepo na chini, siku muda ukiongezwa itabadilishwa moja na nyengine itasahauliwa.