Lita za buti hazibebi spika

“Si nichukue tu gari lenye buti la lita nyingi? Vyombo vyangu vyote vya muziki vitaingia.”

Lita hujumlisha hata vipembe vidogo vya pembeni, lakini boksi la spika halipindi. Kinachoamua ni umbo. Kinanda cha vitufe 88 kina urefu wa takribani mita 1.3, na kikiwa ndani ya begi lake huzidi hapo. Gari la buti lililofungwa linaweza kuwa na lita za kutosha na bado kinanda kikakwama mdomoni, kwa sababu mdomo wa buti ni mwembamba kuliko tumbo lake. Toyota Probox, wengi huicheka, ukikunja viti vya nyuma inakupa sakafu iliyonyooka na mlango wa nyuma wenye umbo la mraba. Kinanda kinalala kwa urefu, spika zinasimama kando.

Kisha pima kutoka ardhini hadi ukingo wa buti. Spika ya kilo 20 kuinyanyua hadi gotini au juu yake kidogo si kazi. Kuifikisha kiunoni saa nane usiku, baada ya harusi, ni mgongo wako unaolipa. Magari mengi yaliyoinuka ya kupanda milima yana kasoro hiyo.

Ubaya wa Probox ni vioo: kila mpita njia anaona mzigo. Hapo buti lililofungwa linashinda, hasa kwa mpiga picha ambaye kamera na lenzi zake zinaenea kwenye begi moja.

Nenda kwa muuzaji na begi lenyewe, ulijaribishe.