Majina yamejirudia kwenye simu? Usikimbilie kufuta

"Jina likitokea mara mbili, futa moja, jingine litabaki." Hapa Ngamiani kauli hii nimeisikia hadi imenichosha, kwa sababu wengi wanaoniletea simu wameshafuta tayari.

Simu ya Android hukusanya majina ya kwenye laini, ya Gmail ya kwanza na ya pili kama ipo, ikayaonyesha kwenye orodha moja. Yanayofanana mara nyingine huyabandika pamoja, ukaona mtu mmoja. Ukimfuta huyo, nakala zilizo chini yake zinaondoka pia, na mtoto aliyeingia kwa Gmail hiyohiyo kwenye simu yake naye hataziona tena.

Mama mmoja mnunuzi wa samaki wa pale Deep Sea alikuwa na kila mvuvi mara tatu. Kila akibadilisha simu alikuwa anaingiza majina kutoka kwenye laini. Kuingiza ni kunakili tu, ya kwenye laini yanabaki palepale, kwa hiyo mara ya pili Gmail yake ikapata nakala mpya. Ya tatu ilitoka kwenye Gmail ya duka.

Tulifungua contacts.google.com, tukaanza na Export ili nakala ya akiba iwepo. Merge & fix huunganisha ndani ya akaunti moja tu, nakala za Gmail ya duka haizigusi. Basi majina ya duka tukayatoa kwa Export, tukayaingiza kwenye Gmail yake kwa Import, ndipo tukaunganisha. Jamani, someni kabla ya kubonyeza! Alikuwa na wavuvi wawili wenye jina moja, namba tofauti, na nusura wawe mtu mmoja. Mwisho tukazima kusinki kwa majina ya Gmail ya duka kwenye simu yake.

Aliyekwisha kufuta aangalie Trash kwenye ukurasa huohuo, majina hukaa humo siku 30. Ya kwenye laini hayana kapu hilo, ndiyo maana mimi simshauri mtu yeyote kuhifadhi namba kwenye laini.

"Nikiondoa akaunti kwenye simu, majina yamekufa." Hapana. Yaliyokwisha kusinki yapo Google, ukiingia tena yanarudi.

"Kalenda imeingia virusi, Muungano umeandikwa mara mbili." Virusi hakuna. Akaunti zako mbili kila moja ina Holidays in Tanzania, ndiyo maana Aprili 26 inajirudia. Fungua menyu ya Google Calendar, ondoa tiki kwenye mojawapo.

Ukishasafisha, ingia kwenye mipangilio ya programu ya majina, chagua akaunti moja ya kuhifadhia majina mapya, na kila namba iandike ikianza na +255.